Picha ya Mtandazo na Maelezo Yake

Picha ya mtandazo ni picha ya vitu vilivyopangwa juu ya meza au sakafu na kupigwa kutoka juu kabisa, lenzi ikitazama chini wima. Maduka ya mtandaoni yanayouza vifaa vya kuandikia na vya kielektroniki huitumia sana, kwa kuwa bidhaa zao nyingi ni bapa: daftari, rula, kikokotoo, simu, kava la simu. Ukilipiga daftari kwa ubavu unapata mstari mwembamba tu. Ukilipiga kutoka juu jalada lote linaonekana, na mnunuzi anaona mara moja kilichomo katika seti bila kitu kimoja kukificha kingine.

Mara nyingi anayeitaka picha siye anayeipiga. Mwenye duka huandika maelezo, mpiga picha huyasoma na kuyafanyia kazi, na ugomvi wao huanzia kwenye maelezo hayo. Mtu akiandika "picha ya kisasa, yenye mvuto, mwanga laini", hajaagiza chochote. Mpiga picha anaweza kuyatimiza maneno hayo kwa namna kumi, na mwenye duka akazikataa zote kumi bila kujua aseme nini. Maelezo yenye kufaa hutaja mambo yanayopimika kwa rula au kuonekana kwa jicho: kamera iko umbali gani, mwanga unatoka upande upi, kivuli kinaangukia wapi na ukingo wake ukoje, kipi kinauzwa na kipi kimewekwa kwa kupamba. Ili kuyaandika hivyo, mwandishi hana budi kujua kila jambo kati ya hayo linasababishwa na nini.

Jambo la kwanza ni kamera yenyewe. Uso wa lenzi ukiwa sambamba na meza, daftari hutoka na pembe zake nne mraba. Kamera ikiinama hata kidogo, upande ulio mbali hupungua na daftari huwa pana chini, jembamba juu. Kasoro hii haionekani sana kwenye vitu vya mviringo, lakini vifaa vya kuandikia karibu vyote vina kingo nyoofu, kwa hiyo humsaliti mpiga picha papo hapo. Simu nyingi zina alama mbili za msalaba zinazojitokeza kwenye kioo pale kamera inapoelekezwa chini, na zikilaliana kamera iko sawa. Meza nayo lazima iwe imelala sawasawa, vinginevyo alama hizo hazina maana. Wapiga picha wa zamani wana njia isiyotegemea programu yoyote: kioo kidogo cha kujitazamia hulazwa katikati ya meza, na kamera hurekebishwa mpaka lenzi ijione yenyewe katikati ya picha. Hapo lenzi na meza vimekabiliana barabara, hata kama meza yenyewe imeinama.

Umbali ni jambo la pili, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kamera kuu ya simu ina lenzi pana. Kwa picha ya umbo la mraba, eneo inaloliona lina upana unaokaribia umbali wake kutoka mezani, yaani ukitaka kupata meza ya sentimita 45 unaiweka sentimita 45 juu yake. Vitu bapa havidhuriki kwa hilo. Kitu chenye kimo hudhurika. Chukua kikombe cha kawaida chenye kimo cha sentimita 8, kikae sentimita 20 kutoka katikati ya picha. Kamera ikiwa sentimita 45 juu ya meza, mdomo wa kikombe utaonekana umesogea nje zaidi ya sentimita 4 kuliko kitako chake, na ubavu mzima utajitokeza kana kwamba kikombe kinaanguka. Kamera ikipandishwa hadi sentimita 90 na picha ikavutwa mara mbili, msogeo huo hushuka hadi sentimita 2. Kinachobadilisha sura ya kikombe ni umbali, wala si kuvuta picha. Kwa hiyo hata simu isiyo na lenzi ya pili, ambayo huvuta kwa kukata tu picha kubwa, itatoa umbo lilelile nyoofu, ila picha itakuwa na nukta chache.

Kamera iliyo sentimita 90 juu ya meza haishikiki kwa mkono. Inahitaji stendi ya miguu mitatu yenye mkono wa kulala, na mfuko wa mchanga uliofungwa upande wa pili ili stendi isipinduke na simu kuangukia bidhaa. Picha hupigwa kwa kutumia saa ya kuchelewesha, kwa sababu kidole kikibonyeza simu mkono huo hutikisika. Chumba chenye meza ndefu humkwamisha mpiga picha mfupi, na ndiyo maana mitandazo mingi hupangwa sakafuni.

Kivuli ndicho kiini cha picha ya aina hii. Kamera inapotazama kutoka juu huondoa karibu kila dalili ya kimo: mbele na nyuma hakuna, upeo wa macho hakuna, daftari la kurasa 300 na karatasi moja vinaweza kuonekana sawa. Kinachobaki cha kumwambia mtazamaji kwamba daftari ni nene na klipu ni nyembamba ni kivuli cha kila kimoja. Kikifutwa kabisa, vitu huelea. Kikiwa kikali na cheusi, huwa kitu kingine katika picha, nacho hugombea nafasi na bidhaa.

Urefu wa kivuli hutokana na kimo cha mwanga. Mwanga ukija kwa mshazari wa digrii 45, kivuli huwa na urefu sawa na kimo cha kitu. Ukiteremka hadi digrii 30, hufika karibu mara moja na robo tatu ya kimo hicho. Ulaini wa ukingo wake ni jambo tofauti, na hutegemea chanzo cha mwanga kinaonekana kikubwa kiasi gani kutoka mezani. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali lilipo linachukua kama nusu digrii tu ya anga, kwa hiyo kivuli chake kwenye kitu kifupi hukatika kama wembe. Dirisha la upana wa mita 1 lililo mita 1 kutoka kwenye meza huchukua sehemu kubwa ya kinachoonekana kutoka pale, na mpito wa kivuli kutoka giza hadi mwanga huwa na upana unaokaribia kimo cha kitu chenyewe. Daftari lenye unene wa sentimita 1.5 litakuwa na ukingo wa kivuli unaofifia kwa sentimita moja na nusu hivi. Isogeze meza hadi mita 3 kutoka dirisha lilelile, na mpito huo hubaki theluthi moja tu. Wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba mbali na dirisha mwanga ni mpole. Hupungua nguvu, kweli, lakini kivuli hukaza.

Dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja halifai mpaka lizibwe na pazia jepesi jeupe. Pazia likishaangazwa ndilo huwa chanzo cha mwanga, na ukubwa wake ndio unaohesabika. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, dirisha linalotazama kusini halipati jua la moja kwa moja tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, maana jua lote la kipindi hicho hupita kaskazini. Chumba chenye dirisha hilo ni studio ya bure kwa miezi sita. Kuanzia Novemba hadi Februari hugeuka zamu ya dirisha la kaskazini.

Kasoro ya kuwa karibu na dirisha ni kwamba upande mmoja wa meza hung'aa na wa pili hufifia. Hurekebishwa kwa ubao mweupe, hata karatasi nene ya manila iliyosimamishwa upande wa pili, nje ya picha. Ubao huo hurudisha mwanga kwenye vivuli: ukisogezwa vivuli hupauka, ukiondolewa hukolea. Mpiga picha hupima kwa macho tu. Kanuni moja ya kuandikwa katika maelezo inatosha: ndani ya kivuli, rangi ya kitandiko bado itambulike.

Taa za dari huzimwa. Si kwa ajili ya weusi wala weupe wa picha, bali kwa kuwa kila taa huleta kivuli chake, na kalamu yenye vivuli viwili hufanya picha nzima ionekane chafu bila mtazamaji kujua kwa nini. Zaidi ya hayo, taa ya njano na mwanga wa dirisha havichanganyiki: upande wa taa hutoka wa machungwa na wa dirisha wa samawati, na hakuna marekebisho moja ya rangi yatakayoponya pande zote mbili. Mteja aliyenunua daftari la kijani akaletewa la kijani jingine atalirudisha.

Kisha kuna mpangilio na vipambo. Mwaka 1987 Andrew Kromelow, mfanyakazi wa usafi katika karakana ya samani ya msanifu majengo Frank Gehry, alizoea kuzipanga zana zilizotelekezwa kwa kuzilaza sambamba au kwa pembe mraba, ili mafundi wazione zote kwa mara moja. Mchongaji Tom Sachs aliyekuwa karakanani humo aliichukua desturi hiyo na kuieneza. Mpangilio wa namna ile hufaa seti ambayo kila kitu ndani yake kinauzwa. Mpangilio mlegevu, ambapo kalamu imeachwa kama imetoka mkononi sasa hivi, hufaa zaidi bidhaa moja yenye vipambo kadhaa. Kuchanganya mipango hiyo miwili ndiko kunakoharibu: kitu kilichopindishwa digrii 2 au 3 huonekana kimekosewa, lakini kikipindishwa digrii 20 huonekana kimekusudiwa.

Kipambo kina kazi mbili tu, kuonyesha ukubwa na kuonyesha matumizi. Kalamu ya kawaida yenye urefu wa karibu sentimita 14 humwambia mtu ukubwa wa daftari kwa haraka kuliko vipimo vilivyoandikwa. Kikombe cha kahawa kinasema ni asubuhi, mtu anaandika. Maua makavu, mishumaa na majani ya mgomba, ambavyo vimejaa katika picha za siku hizi, havisemi lolote kuhusu daftari. Rangi ya kipambo iwe imefifia kuliko ya bidhaa, na kimo chake kiwe kifupi kadiri iwezekanavyo kwa sababu ya msogeo ulioelezwa hapo juu. Kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, kile wanachotumia wauza kahawa wa mitaani, kina kimo cha sentimita 5 hivi. Kikitumiwa badala ya kikombe kikubwa, msogeo kwa kamera ya sentimita 90 hushuka hadi karibu sentimita 1, na jicho halioni kasoro.

Haya yote yakiwekwa pamoja, maelezo hujiandika. Tuseme duka la Dar es Salaam linauza mtandaoni seti ya vitu vitatu: daftari la A5 lenye jalada gumu la kijani, kalamu ya rangi ya shaba na kifutio cheupe. A5 ni milimita 148 kwa 210, kwa hiyo katika picha ya mraba ya sentimita 45 daftari litachukua karibu nusu ya kimo, ukubwa unaotosha kuliongoza jicho na kubakiza nafasi. Maelezo kwa mpiga picha yanaweza kusomeka hivi:

"Picha ya mraba, eneo la sentimita 45 kwa 45, kutoka juu wima, kamera isipungue sentimita 90 kutoka mezani. Kitandiko ni karatasi ya rangi ya mchanga, isiyong'aa, isiyo na mkunjo. Daftari limefungwa, limesimama wima kwenye picha, kidogo kushoto mwa katikati. Kalamu iko kulia kwake, sambamba nalo, kwa nafasi ya sentimita 3, ncha ikielekea juu. Kifutio kiko chini ya kalamu, kimenyooka nayo. Vipambo ni viwili: kikombe kidogo cha kahawa kwenye kona ya chini kulia, nusu yake ikiwa imekatwa na ukingo wa picha, na klipu nne za shaba zilizotawanyika kati ya kikombe na kifutio. Kona ya juu kulia ibaki tupu kwa ajili ya maandishi. Mwanga ni mmoja, wa dirisha, kutoka juu kushoto. Vivuli vyote vianguke chini kulia, kingo zake zififie, kivuli cha daftari kisizidi unene wake mara mbili, na rangi ya karatasi ionekane ndani yake. Kijani cha jalada kilingane na sampuli."

Hakuna neno hapo linalosifu. Kila sentensi ina sababu yake, na mpiga picha mzoefu anaiona bila kuelezwa. Kikombe kimepelekwa chini kulia kwa kuwa ndicho kirefu kuliko vyote: kikikaa juu kushoto, upande wa mwanga, kivuli chake kingelala juu ya jalada la daftari. Kimekatwa na ukingo ili mtazamaji asikitazame kama bidhaa ya nne. Karatasi isiyong'aa imetajwa kwa sababu inayong'aa huakisi dari. Neno "sampuli" linamaanisha jalada lenyewe, linaloshikwa kando ya kioo cha kompyuta wakati wa kurekebisha rangi, palepale dirishani.

Kazi ndogondogo za mezani hazihitaji kuandikwa, ingawa ndizo zinazokula muda. Kalamu hubingirika, hivyo huwekewa punje ya plastisini chini yake. Jalada jeusi au la kijani kizito huonyesha vumbi na alama za vidole kuliko jicho lilivyoona, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa cha miwani kabla ya kila picha. Daftari jembamba ambalo kivuli chake hakionekani huinuliwa kwa kiberiti kilichofichwa chini yake, na ghafla hupata uzito. Kahawa humiminwa mwishoni, kwani utando huanza kujitokeza juu yake baada ya dakika chache.

Vifaa vya kielektroniki huongeza tatizo moja kubwa: kioo. Simu au tabiti iliyolazwa mezani hutazama juu, na juu yake ipo kamera. Kioo kitaakisi kamera, stendi, dari na paji la uso la mpiga picha. Dawa yake ni kadi kubwa nyeusi iliyotobolewa tundu la lenzi na kushikiliwa chini kidogo ya kamera. Kioo kitaakisi weusi mtupu. Kadi isiwe kubwa kiasi cha kuziba dirisha. Kama kioo kinatakiwa kiwe kimewaka, picha mbili hupigwa bila kugusa kitu chochote, moja kwa ajili ya meza na moja yenye mwanga mdogo kwa ajili ya kioo, kisha huunganishwa.

Picha ikifika, mwenye duka huikagua kwa maelezo yake mkononi. Ukingo wa juu wa daftari hupimwa na wa chini hupimwa, hata kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, na tofauti ikionekana kamera iliinama. Mstari wa kufikirika huchorwa kutoka kila kitu hadi mwisho wa kivuli chake, na mistari yote iwe sambamba au karibu sambamba. Vivuli vilivyoongezwa kwa kompyuta hujulikana kirahisi: klipu na kikombe huwa na vivuli vya upana mmoja, jambo lisilowezekana kwa vitu vya vimo tofauti. Karatasi iliyotoka ya kijivu badala ya rangi ya mchanga ni kosa la kipimo cha mwanga cha kamera, ambacho huona eneo kubwa jeupe au la rangi nyepesi na kulitia giza. Mwangaza ungepandishwa kidogo wakati wa kupiga.

Mahali pa picha hii dukani nako kuna masharti. Amazon huitaka picha kuu ya bidhaa iwe na nyuma nyeupe kabisa, bidhaa ichukue asilimia 85 ya fremu, na pasiwe na vitu visivyouzwa pamoja nayo. Kwa hiyo mtandazo huko huwekwa kuanzia nafasi ya pili. Katika tovuti ya mwenye duka hakuna anayemzuia kuuweka mbele, ila maelezo ya bidhaa yaseme waziwazi kwamba kikombe na klipu haviuzwi. Picha ya mraba ya nukta 2048 kwa kila upande, kipimo ambacho Shopify hukipendekeza, inatosha mteja kuivuta na kuona uzi wa mshono wa daftari.

Mwisho kuna maelezo ya pili, mafupi, yanayoandikwa ndani ya ukurasa kwa ajili ya wasioona, ambao husomewa ukurasa na programu, na kwa ajili ya yeyote ambaye mtandao wake umegoma kufungua picha. Haya hayahitaji umbali wa kamera wala upande wa dirisha. Yanahitaji kile ambacho mnunuzi angekiona: bidhaa kwanza, rangi na ukubwa, kisha zilivyokaa. Hayaanzi kwa "picha ya", kwa kuwa programu hiyo imekwisha kutaja kwamba ni picha. Kwa seti yetu yanatosha haya:

```html
<img src="seti-daftari.jpg"
 alt="Daftari la A5 la kijani lenye jalada gumu, kalamu
 ya shaba na kifutio cheupe, vimepangwa wima juu ya
 karatasi ya rangi ya mchanga, vikionekana kutoka juu">
```

Kikombe na klipu vimeachwa kwa makusudi. Anayeona hutambua mara moja kwamba kikombe kilichokatwa kona ni pambo, lakini anayesikia orodha ya vitu vitano atahesabu vitano na kudhani vyote vimo kwenye bei.